Bessel hakuunda kichujio cha Bessel

Oktoba 1930, mwanafizikia Mwingereza Stephen Butterworth alichapisha makala fupi katika jarida la redio la nchini mwake. Makala hiyo inakaribia kutimiza karne, na jina la mwandishi wake bado linatajwa kila panapotengenezwa vikuza sauti na vifaa vya kupimia. W. E. Thomson, aliyemfuata miaka 19 baadaye, hakupata heshima hiyo, na mimi naona amedhulumiwa.

Vichujio vya umeme vilikuwepo tangu 1915, kwa kazi ya Campbell wa Marekani na Wagner wa Ujerumani. Vilizuia masafa yasiyotakiwa, lakini hata yale yaliyoruhusiwa kupita hayakutoka na nguvu sawa. Butterworth alitaka yapite sawasawa, bila bonde wala kilima, hadi karibu na mpaka. Koili zake zilikuwa na kipenyo cha inchi 1.25 na urefu wa inchi 3. Rezista na kapasita zilikaa ndani ya koili yenyewe, na kipande kizima kilichomekwa na kuchomolewa. Kati ya hatua na hatua aliweka valvu, ili hatua ya pili isiivuruge ya kwanza. Kwa hiyo aliweza kupiga hesabu ya kila hatua peke yake, na kila hatua ilibeba jozi moja ya kile wahandisi wanachokiita ncha.

Jozi ya ncha ina namba mbili. Ya kwanza inaeleza mtikisiko unafifia kwa kasi gani, ya pili inaeleza unayumba kwa kasi gani. Volteji ikipandishwa ghafla kutoka 0 hadi 1, kichujio chenye ncha mbili hupanda, hupita 1 kidogo, kisha hurudi na kutulia. Kiasi kinachopitiliza, yaani mruko, kinategemea uwiano wa namba hizo mbili tu: e^(−π × kufifia ÷ kuyumba).

Kwa Butterworth namba zote mbili ni 0.707. Uwiano ni 1, na volteji hupitiliza kwa asilimia 4.3. Ukiongeza ncha, zote hupangika kwenye nusu duara kwa nafasi sawa.

Kundi la pili la vichujio limepewa jina la Chebyshev, mwanahisabati Mrusi aliyefariki 1894. Mjerumani Wilhelm Cauer ndiye aliyeingiza hesabu zake kwenye vichujio, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hapa mhandisi anakubali nguvu ya masafa yanayopita ipande na kushuka kidogo, ilimradi ng'ambo ya mpaka ishuke kwa kasi. Ukiruhusu tofauti ya desibeli 0.5, yaani kama asilimia 6 ya volteji, ncha zinakuwa 0.713 na 1.004. Nusu duara limebanwa likawa nusu ya duaradufu, ncha zimeusogelea mstari wa kuyumba, na mruko unafika karibu asilimia 11.

Thomson alikuwa mtafiti wa Posta ya Uingereza, ambayo maabara yake ilikuwa Dollis Hill, London. Mwaka 1949 aliuliza swali jingine kabisa: vipi masafa yote yanayopita yacheleweshwe kwa muda ule ule, ili umbo la ishara lisiharibike? Jibu lake kwa ncha mbili ni s² + 3s + 3, yaani kufifia 1.5 na kuyumba 0.866. Mruko ni asilimia 0.43 tu, sehemu ya kumi ya ule wa Butterworth.

Utulivu huo una gharama. Kwenye masafa mara mbili ya mpaka, mpaka ukiwa pale ambapo kila kimoja kimeshuka desibeli 3 kutoka kilele chake, kichujio cha Thomson bado kinapitisha asilimia 32 ya volteji, cha Butterworth 24, na cha Chebyshev 19. Anayetaka kufukuza kelele za redio jirani atamkimbilia Chebyshev. Anayechora mapigo ya moyo kwenye karatasi hana budi kumfuata Thomson, la sivyo kila mpigo mkali utachorwa na kovu ambalo moyo haukulitoa.

Halafu likaja suala la jina. Ilibainika kwamba hesabu za Thomson zinahusiana na zile za Bessel, mwanaastronomia wa Ujerumani aliyefariki 1846, kabla hata simu haijabuniwa. Vitabu vingi vikaandika "kichujio cha Bessel", na Thomson akabaki kwenye tanbihi. Mjapani Kiyasu, aliyefikia jambo hilo hilo mwaka 1943, hatajwi kabisa katika vitabu vingi.

Leo kazi hiyo hufanywa na chipu na programu, lakini ncha ni zile zile. Ukikuta kimoja cha vichujio hivi vitatu kisicho na lebo, kipe wimbi la mraba na utazame kioo cha osiloskopu: pembe ikipanda na kutulia karibu bila kuruka, ni cha Thomson.