Kujilipa

Mwenye duka Kayole au Umoja akisema "duka limejilipa", mara nyingi ana maana kwamba pesa zilizo kwenye droo zimetosha kodi ya nyumba. Hapo neno limepotoka, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa hizo ni za kununua unga na sukari nyingine. Duka hujilipa kwa kile kinachobaki baada ya bei ya kununulia kutolewa.

Tuseme kodi ni shilingi 9,000, stima na leseni 3,000, na mshahara wa mwenye duka 15,000. Huo mshahara usiachwe, hata kama anayekaa kaunta ni mwenyewe. Jumla ni 27,000. Ikiwa bidhaa ya shilingi 100 ilinunuliwa kwa 85, kila mia ya mauzo inaacha 15. Gawanya 27,000 kwa 0.15: duka linajilipa likiuza 180,000 kwa mwezi, yaani 6,000 kila siku kwa siku 30. Likifungwa Jumapili zote, siku 26 zinadai karibu 6,923 kila siku.

Kosa la kawaida ni kununua kwa 100, kuuza kwa 115, na kudhani kila mia ya mauzo inaacha 15. Inaacha karibu 13 tu, na lengo linapanda hadi 207,000.

Mwisho wa mwezi wateja hununua zaidi, kwa hiyo pima kwa jumla ya wiki. Wiki mbili zikipungua mfululizo, angalia daftari la madeni kwanza: kilichokopeshwa bado hakijalipa chochote.