Methali ya Chomboni Iliyopanda Mlima Meru

Lugha ya Kiswahili ilipanda kwetu Meru kwa miguu ya watu wengi: wachuuzi wa misafara, askari wa boma la Arusha lililojengwa na Wajerumani karibu na mwaka 1900, na walimu wa misheni waliokaa Nkoaranga tangu mwaka 1902 na Ilboru tangu mwaka 1904. Hao wote walikuja na methali za pwani. Lakini methali husafiri bila vitu vyake. Maneno yalifika mlimani. Jahazi lilibaki baharini.

Twataka kuitazama moja tu: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Katika chombo cha pwani, tezi ni sehemu ya nyuma, penye usukani, naye nahodha hukaa huko. Omo ni sehemu ya mbele. Ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa, mahali maji yanapokusanyika. Maana mbao za jahazi, ijapokuwa zimetiwa kalafati, huvuja kidogo kidogo, na maji hayo sharti yakumbwe. Basi baharia aweza kwenda nyuma na mbele kutwa nzima, lakini hana budi kushuka ngamani tena. Ndiyo maana husemwa juu ya mtu atembeaye huku na huku, kwamba mwisho wake hurejea kwake.

Sasa, mtu wa kwetu asiyepata kuona jahazi hufanyaje? Tezi aijua, lakini kwake ni uvimbe wa shingoni, ugonjwa unaojulikana sana milimani. Omo haijui kabisa. Ngama haijui, bali amjua ngamia. Hivyo tumesikia “mwenda tenzi na homo”, na mara nyingi zaidi tumesikia “marejeo ni Ngamiani”. Hilo la mwisho halikutoka hewani. Ngamiani ni mtaa wa mji wa Tanga, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Arusha mwaka 1929, wengi walishuka kwenda kukata mkonge, nao walilijua jina hilo vizuri.

Mzee mmoja alitusimulia jinsi kosa hili lilivyotaka kumnyima mtu shamba. Kijana alirudi kutoka mkonge baada ya miaka mingi, akaomba sehemu ya kihamba cha baba yake. Ndugu zake walikataa. Barazani mzee wa ukoo akasimama, akasema, “Wanangu, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani,” maana yake, huyu amerudi kwao, apokewe. Ndugu wakashangilia! Wao walisikia “Ngamiani”, wakafahamu kwamba mzee ameamuru arudishwe Tanga. Ilimpasa mzee kueleza kwa maneno matupu, pasipo methali, ndipo shauri likakaa sawa na kijana akapewa migomba yake.

Je, tutajuaje lililo sahihi, kama hakuna baharia wa kuulizwa? Wale walinganishao nakala za kale za Maandiko, zilizoandikwa kwa mkono, wana kanuni itufaayo hapa. Johann Albrecht Bengel, Mjerumani aliyetoa Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1734, aliieleza. Nakala mbili zikihitilafiana, neno gumu hupendelewa kuliko jepesi, kwa kuwa mwandishi hugeuza gumu asilolijua kuwa jepesi alijualo, wala si rahisi afanye kinyume. Mtu aweza kugeuza ngamani kuwa Ngamiani. Lakini nani, akijua Ngamiani, angebuni ngamani?

Kanuni hii peke yake haitoshi, maana “homo” nalo ni gumu, na katika methali hii halina maana yo yote. Kwa hiyo sharti neno gumu lionekane likiishi katika kazi yake. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotungwa chini ya Frederick Johnson, ikatolewa mwaka 1939, yataja tezi ya chombo mbali na tezi ya mwilini, na omo pia. Na wanamaji husema pepo za omo, yaani zile zinazovuma kutoka mbele. Kisha maneno yote matatu yakae nyumba moja. Tezi, omo na ngama ni vya chombo kimoja. Tenzi na Ngamiani havina udugu wo wote.

Tena walimu wenzetu wasiwe wepesi wa kutia wino mwekundu. Mwanafunzi akiandika “hurejea ngamani” badala ya “marejeo ni ngamani”, hakukosa: jahazi ni zima, na baharia ameshuka pale pale.