Kutuma pesa nyumbani: 'Bila ada' si bure

Kampuni za kutuma pesa hulipwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ada, ambayo mtumaji anaiona. Ya pili imejificha kwenye bei ya kubadilisha fedha: kampuni inampa mteja bei ya chini kuliko ya soko, na tofauti inabaki kwake.

Chukua mfano wa nesi aliye Manchester anayemtumia mama yake Kisumu. Tuseme sokoni pauni 1 ni shilingi 170 za Kenya.

Kampuni ya kwanza haitozi ada, lakini inabadilisha kwa 165. Ya pili inakata ada ya pauni 3, kisha inabadilisha kwa 169.

Akitoa pauni 50:
- Ya kwanza: mama anapata 8,250
- Ya pili: 7,943

Akitoa pauni 200:
- Ya kwanza: 33,000
- Ya pili: 33,293

Kwa nini mambo yamegeuka? Ada ni ileile hata kiasi kikipanda, ila tofauti ya bei inakua na kila pauni. Hapa mpaka ni kama pauni 127. Chini yake 'bila ada' inafaa, juu yake inaumiza.

Kwa hiyo anayetuma kidogo kidogo kila wiki akijumlisha na kutuma mara moja kwa mwezi, ada inalipwa mara moja tu.

Kabla ya kubonyeza 'tuma', swali ni moja: nikitoa kiasi hiki, ada ikiwa ndani, mama atapokea shilingi ngapi? App zilinganishwe saa ileile, maana bei hubadilika.