Kutoka Kiswahili hadi Kiingereza: Mambo ambayo mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tano hadi la saba anapaswa kuyafahamu

Wazazi na walezi wengi wa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande katika Manispaa ya Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi katika Manispaa ya Temeke, huamini kwamba mtoto akifika madarasa ya juu ya shule ya msingi huanza kufundishwa masomo yote kwa Kiingereza. Kwa shule za msingi za Serikali zinazofundisha kwa Kiswahili, sivyo ilivyo. Makala haya yanaeleza mabadiliko ya lugha hutokea lini na namna mzazi, hata asiyejua Kiingereza, anavyoweza kumwandaa mtoto wake.

Mabadiliko hutokea lini

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali tangu mwaka 1967. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeendeleza utaratibu huo: elimu ya awali na msingi hutolewa kwa Kiswahili, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Zipo shule chache za Serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, ikiwemo Olympio iliyopo Upanga, lakini mtoto wa shule ya kawaida husoma Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili hadi siku yake ya mwisho ya elimu ya msingi.

Anapoingia kidato cha kwanza, mambo hugeuka. Biolojia, Fizikia, Kemia, Jiografia na Hisabati hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Shule huendesha kozi elekezi ya lugha hiyo katika wiki za mwanzo, lakini wiki chache haziwezi kujaza pengo la miaka. Miaka miwili baadaye mwanafunzi hukabiliwa na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao asipoufaulu hulazimika kurudia darasa.

Kwa hiyo madarasa ya juu ya msingi si wakati wa kubadili lugha. Ni wakati wa maandalizi, na kwa baadhi ya wanafunzi wakati huo umepungua. Mwanafunzi aliyeingia darasa la tatu Januari 2024 anasoma mtaala ulioboreshwa, ambao elimu ya msingi ni miaka sita. Atahitimu darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wenzake wa mtaala wa zamani watakaokuwa darasa la saba. Makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028, moja likiwa na mwaka mmoja pungufu wa kujiandaa.

Pima kwanza pengo liko wapi

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kudhani kwamba kila alama mbaya inatokana na Kiingereza. Mzazi anaweza kutenganisha mambo hayo kwa jaribio la dakika chache nyumbani.

Chukua swali hili: mfanyabiashara wa Mbagala alinunua gunia la mchele kwa shilingi 120,000 akaliuza kwa shilingi 150,000, je, alipata faida ya asilimia ngapi? Mpe mtoto swali hilo kwa Kiswahili. Anapaswa kutoa 120,000 katika 150,000 apate faida ya shilingi 30,000, kisha agawanye 30,000 kwa 120,000 na kuzidisha kwa 100. Jibu ni asilimia 25.

Siku inayofuata, mwombe mwalimu, au kaka au dada aliyepo sekondari, aliandike swali la aina hiyo kwa Kiingereza, tarakimu zikiwa tofauti. Iwapo mtoto aliweza kwa Kiswahili na akashindwa kwa Kiingereza, tatizo ni lugha, na mara nyingi ni maneno manne tu: kununua, kuuza, faida na asilimia. Iwapo alishindwa kwa lugha zote mbili, tatizo ni hesabu yenyewe. Huyo anahitaji kwanza kuielewa mada kwa Kiswahili, kwani kumwongezea masomo ya Kiingereza hakutamfundisha asilimia.

Tahadhari nyingine ni kusoma bila kuelewa. Mtoto anaweza kusoma ukurasa wa Kiingereza kwa sauti pasipo kukwama na asijue umesema nini. Vilevile daftari lililonakiliwa vizuri kutoka ubaoni si uthibitisho wa uelewa. Mwache asome aya moja, afunge kitabu, kisha akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa, hakuelewa.

Daftari la safu tatu

Njia nyepesi ya maandalizi inahitaji daftari moja lililogawanywa katika safu tatu. Safu ya kwanza huandikwa neno la Kiswahili kutoka kitabu cha Sayansi au Hisabati ambalo mtoto tayari anaelewa maana yake, kama vile mmeng'enyo, mvuke, pembetatu au wastani. Safu ya pili huandikwa neno hilo kwa Kiingereza, kutoka kwa mwalimu au kamusi. Safu ya tatu huandikwa sentensi fupi ya Kiingereza aliyoitunga mwenyewe.

Maneno matano kwa siku, siku nne kwa wiki, yanatosha. Siku ya tano ni ya marudio: mzazi hufunika safu ya pili kwa kiganja, husoma neno la Kiswahili, na mtoto hutaja na kuandika la Kiingereza. Mzazi hahitaji kukijua Kiingereza. Anachohitaji ni kulinganisha herufi zilizoandikwa na zile zilizofunikwa. Kwa wiki 30 za masomo, mtoto atakuwa amekusanya maneno 600 ya masomo yake. Yasisahauliwe maneno ya maswali ya mtihani: taja, eleza, linganisha, kokotoa. Mwanafunzi asiyetofautisha kutaja na kueleza hupoteza alama kwa jambo analolijua.

Miezi baada ya mtihani wa mwisho

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika kipindi hicho mtoto aweke mezani kitabu chake cha Sayansi cha Kiswahili na kitabu cha Biolojia cha kidato cha kwanza, asome mada inayofanana katika vyote viwili, akianza na cha Kiswahili. Vitabu vya kiada vinapatikana katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa anuani ol.tie.go.tz, na vinaweza kusomwa kwa simu janja.

Mambo ya kuepuka

Usipige marufuku Kiswahili nyumbani. Mtoto anayeielewa dhana kwa Kiswahili hujifunza jina lake jipya tu, lakini asiyeielewa hulazimika kujifunza dhana na jina kwa pamoja. Aidha, usimhamishie mtoto wa darasa la tano au la sita katika shule ya mchepuo wa Kiingereza bila kupimwa, kwani anaweza kurudishwa madarasa ya nyuma.

Mzazi anayebaini pengo amwone kwanza mwalimu wa somo husika akiwa na daftari la mtoto, kisha mwalimu wa taaluma. Iwapo tatizo ni la darasa zima, mfano upungufu wa vitabu au kutokuwepo kwa mwalimu wa Kiingereza, suala hilo liwasilishwe kwa Kamati ya Shule au kwa Afisa Elimu Kata.