Saratani ya mji wa mimba: Kwa nini mmoja huishia kwenye upasuaji, mwingine huhitaji mionzi

Damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma, hata kidogo, kapime. Ndiyo dalili kuu ya saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba, ambayo si ile ya shingo ya kizazi.

Unene uliokithiri, kisukari na kutowahi kuzaa huongeza hatari. Mafuta mwilini hutengeneza homoni ya estrojeni, ambayo huchochea utando huo kukua.

Chukulia mama wa miaka 62 kutoka Karagwe. Kipimo cha kinyama kikithibitisha saratani, anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa kawaida madaktari huondoa mji wa mimba, mirija na ovari, na hukagua tezi za limfu.

Kisha maabara huangalia mambo mawili: saratani imefika wapi (hatua) na seli zimebadilika kiasi gani (daraja).

Ikiwa ni daraja la 1 na haijafika nusu ya unene wa msuli wa mji wa mimba, mara nyingi upasuaji unatosha.

Ikiwa ni daraja la 3 na imevuka nusu, mionzi hushauriwa hata kama haijatoka nje.

Ikiwa imeingia kwenye tezi, hiyo ni hatua ya 3. Hapo huongezwa dawa za kemotherapi, mara nyingi pamoja na mionzi.

Kwa hiyo mama huyo akirudi nyumbani bila kufuatilia majibu ya maabara, tiba inaweza kuishia njiani.