Zuio si makato

Mafundi wa Kisumu hupokea malipo ya ukarabati wakalalamika kuwa wamekatwa. Neno hilo linawapotosha. Makato, kama kodi, hayarudi mfukoni mwako. Fedha ninazozungumzia ni zuio, kutokana na kuzuia: ni zako, ila zimeshikiliwa hadi kazi ithibitike.

Tuseme umeomba zabuni ya kukarabati zahanati huko Dunga. Katika mchanganuo wa gharama, vifaa ni shilingi 600,000, ujira wa mafundi na vibarua 300,000, faida 100,000. Jumla milioni 1. Mkataba ukiweka zuio la 10%, laki 1 inabaki kwa mwenye jengo. Hiyo ndiyo faida yako yote! Kwa kawaida nusu hutolewa kazi inapokabidhiwa, nusu baada ya kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6. Mvua za masika zikionyesha paa linavuja, unarudi kuziba kwa gharama yako.

Anayeliita zuio makato huacha kulidai. Ndugu mkandarasi, andika tarehe ya makabidhiano, na kipindi kikiisha omba ukaguzi wa mwisho kwa barua.