Kutoka Kivuli hadi Sini: Pembetatu Mraba ya Al-Battani na Mtajo wa Kialjebra wa sin(arctan x)

Utangulizi

Katika mafunzo ya trigonometria, mwanafunzi huambiwa aandike sini ya aktanjenti ya x bila kutumia alama yoyote ya trigonometria. Njia anayofundishwa ni fupi. Huchora pembetatu mraba, huandika x kwenye upande unaoikabili pembe na 1 kwenye upande unaopakana nayo, kisha hutafuta haipotenusi kwa kanuni ya Pythagoras na kuipata √(1 + x²). Baada ya hapo husoma jibu kwenye mchoro:

sin(arctan x) = x / √(1 + x²)

Kwa kawaida mchoro huu huchukuliwa kuwa mbinu ya kurahisisha kazi, iliyobuniwa baada ya dhana ya aktanjenti kukamilika. Makala hii inadai kuwa mfuatano wa kihistoria ulikuwa kinyume chake. Pembetatu na mtajo huu vilitumika takriban miaka mia nane kabla aktanjenti haijapewa alama yake, na vilizaliwa katika kazi mahususi, yaani kutafuta kimo cha jua kutokana na urefu wa kivuli. Tukiirudia kazi hiyo tutaona kwa nini mchoro unatoa jibu sahihi, na pia ni wapi mchoro peke yake hautoshi.

Mti, kivuli na haipotenusi

Mtaalamu wa falaki Al-Battani alizaliwa Harran na akafanya uchunguzi wake mwingi Raqqa, kando ya mto Furati, kati ya mwaka 877 na 918. Alifariki mwaka 929. Kitabu chake cha majedwali ya falaki kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, kikachapishwa Nuremberg mwaka 1537, na kwa njia hiyo kikasomwa sana Ulaya.

Chombo cha kupimia kilikuwa mti uliosimamishwa wima juu ya ardhi tambarare. Kwa desturi, urefu wa mti huo ulihesabiwa kuwa vidole 12, na kivuli kilipimwa kwa vidole hivyohivyo. Mti, kivuli chake na mwale wa jua unaopita kwenye ncha ya mti hadi ncha ya kivuli hufanya pembetatu mraba. Pembe iliyopo kwenye ncha ya kivuli ndiyo kimo cha jua. Mti unaikabili pembe hiyo, kivuli kinapakana nayo, na mwale ndio haipotenusi.

Tuchukue mfano wa kivuli chenye vidole 9. Mraba wa 12 ni 144, mraba wa 9 ni 81, na jumla yake ni 225. Kipeuo cha pili cha 225 ni 15, kwa hiyo haipotenusi ina vidole 15. Sini ya kimo cha jua ni 12 kugawanya kwa 15, yaani 4/5. Katika zama hizo sini haikuwa uwiano bali urefu ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha sehemu 60, kwa hiyo mtaalamu alizidisha kwa 60 na kupata sehemu 48. Alipoitafuta 48 katika jedwali la sini, aliikuta karibu na nyuzi 53 na dakika 8. Hicho ndicho kimo cha jua wakati huo.

Sasa tuitazame hesabu hiyo kwa lugha ya leo. Tanjenti ya kimo ni 12/9, yaani 4/3. Tukiweka x = 4/3, tunapata 1 + x² = 25/9, ambayo kipeuo chake ni 5/3. Tukigawanya 4/3 kwa 5/3 tunapata 4/5. Ni hesabu ileile. Tofauti ni kwamba pande zote za pembetatu zimegawanywa kwa 9 ili upande unaopakana na pembe uwe 1. Mtaalamu wa Raqqa hakuhitaji kujua pembe ndipo apate sini. Alikwenda moja kwa moja kutoka kivuli hadi sini, na pembe ikaja mwishoni kwa msaada wa jedwali. Sisi tunaandika aktanjenti kwanza kisha sini, kana kwamba ni lazima kupitia kwenye pembe. Mtajo wa kialjebra unaonyesha kuwa safari hiyo haina ulazima.

Pembetatu yetu ya leo ina mfano wake wa karibu zaidi katika kivuli cha aina ya pili. Wataalamu hao walifikiria pia mti uliochomekwa kwenye ukuta kwa mlalo, ukielekea upande wa jua, ambao kivuli chake huteremka ukutani. Hapo mti ndio unaopakana na pembe ya kimo, na kivuli ndicho kinachoikabili. Urefu wa mti ukiwa 1, kivuli ni tanjenti yenyewe. Neno la Kiarabu walilotumia kwa tanjenti lilimaanisha kivuli tu. Jina tunalotumia leo lilianzishwa na Thomas Fincke katika kitabu chake cha mwaka 1583. Hatua ya kuufanya urefu wa msingi uwe 1 badala ya 12 au 60 ilipendekezwa katika karne ya 10 na Abu al-Wafa wa Baghdad. Hatua hiyo ndiyo iliyoondoa haja ya kuzidisha na kugawanya kwa vipimo viwili tofauti.

Mlinganyo na majibu yake mawili

Al-Battani hutajwa pia kwa kutatua mlinganyo ambao leo tungeuandika sin θ = a cos θ, na kupata sin θ = a / √(1 + a²). Kwa kuwa a ni tanjenti ya pembe, hili ndilo tatizo letu lenyewe bila alama ya aktanjenti. Tukilitatua kwa aljebra pekee, tunaweka kila upande kwenye mraba na kupata sin²θ = a²(1 − sin²θ). Kutokana na hapo, sin²θ = a² / (1 + a²). Tunapotoa kipeuo tunapata majibu mawili, la chanya na la hasi, na aljebra haituambii tuchague lipi.

Kwa mpima vivuli swali hilo halikuwapo. Kivuli ni urefu, na jua linalotoa kivuli liko juu ya upeo wa macho, kwa hiyo sini ya kimo chake ni chanya. Pembetatu nayo haina pande hasi. Kwa hiyo mchoro unathibitisha kanuni kwa x iliyo kubwa kuliko sifuri tu, na anayeishia hapo hajathibitisha kanuni yote.

Kinachokamilisha hoja ni makubaliano yaliyokuja baadaye kuhusu aktanjenti. Pembe nyingi zina tanjenti moja. Kwa mfano, tanjenti ya −4/3 inapatikana kwenye pembe ya nyuzi −53 na dakika 8, na pia kwenye pembe ya nyuzi 126 na dakika 52. Sini ya pembe ya kwanza ni −4/5, na ya pili ni 4/5. Ili aktanjenti iwe na thamani moja, ilikubaliwa kuchagua pembe iliyo kati ya nyuzi −90 na nyuzi 90. Katika eneo hilo kosini ni chanya daima, na ndiyo maana kipeuo √(1 + x²) huchukuliwa kuwa chanya bila kuhitaji alama mbili. Alama ya jibu hubebwa na x iliyo juu. Tukiweka x = −4/3 tunapata −4/5, ambayo ndiyo sini ya pembe tuliyoichagua. Mtu aliyepewa tanjenti ya pembe iliyo nje ya eneo hilo na akatumia kanuni bila kuangalia anaweza kupata ukubwa sahihi wenye alama isiyo sahihi.

Pale jua linapopita utosini

Kuna kikomo cha aina nyingine, ambacho hakikuonekana vizuri Raqqa. Mji huo uko takriban nyuzi 36 kaskazini ya ikweta, na jua la adhuhuri halipandi huko zaidi ya takriban nyuzi 78. Kivuli cha mti wa vidole 12 hakipungui vidole viwili na nusu. Hali ni tofauti katika mwambao wa Afrika Mashariki. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba kivuli cha adhuhuri hutoweka chini ya mti.

Kwa wakati wa Alasiri hali hiyo hurahisisha hesabu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, Alasiri huingia pale kivuli kinapozidi kivuli cha adhuhuri kwa urefu wa kitu chenyewe. Kivuli cha adhuhuri kikiwa sifuri, kivuli cha Alasiri ni sawa na mti, x ni 1, na sini ya kimo ni 1/√2. Jua liko nyuzi 45.

Karibu na adhuhuri yenyewe mambo ni magumu zaidi. Tuchukulie kivuli ni moja ya tano ya kidole. Tanjenti ni 60, na sini ni 60/√3601, ambayo kwa nusu kipenyo cha 60 ni sehemu 59, dakika 59 na sekunde 30. Katika jedwali la uzi mmoja mmoja, sini ya nyuzi 89 ni 59, 59, 27, na ya nyuzi 90 ni 60 kamili. Uzi mzima umebanwa ndani ya sekunde 33, ilhali kati ya nyuzi 53 na 54 nafasi ni zaidi ya sekunde 2,200. Anayekadiria kwa uwiano wa kawaida kati ya mistari miwili ya jedwali atapata takriban nyuzi 89 na dakika 5, wakati kimo halisi ni nyuzi 89 na dakika 3. Kosa hilo halitoki kwenye mtajo wa kialjebra, kwa kuwa sini iliyopatikana ni sahihi. Linatoka kwenye njia ya kurudi, kutoka sini hadi pembe, kwa sababu sini karibu haibadiliki inapokaribia kikomo chake. Hapo jedwali la vivuli vya mti wa wima, yaani la kotanjenti, ndilo la kutegemewa.

Hitimisho

Alama ya aktanjenti ilianza kuonekana katika maandishi ya Euler mwaka 1736, na kabla yake watu walizungumzia pembe ambayo kivuli chake kinajulikana. Mtajo x / √(1 + x²) uliwafaa watu hao kwa sababu ulihitaji kuzidisha, kujumlisha, kugawanya na kutoa kipeuo tu, na uliliacha jedwali hadi hatua ya mwisho. Anayechora pembetatu hiyo leo anachora mti, kivuli na mwale. Linalobaki juu yake ni kuieleza alama ya x iliyo hasi, jambo ambalo kivuli hakikuwahi kuulizwa.